Wingu la Ichimoku: bei ya leo inapopimwa na siku za zamani

Fungua chati ya dola dhidi ya yeni, weka kipimo kiitwacho Ichimoku, na kitakachokuvuta jicho kwanza ni utepe mpana wa rangi, mahali pengine kijani, mahali pengine nyekundu. Huo ndio unaoitwa wingu. Ajabu yake ni kwamba haukomi pale bei ilipokomea leo. Unaendelea kuelekea kulia na kuingia katika siku ambazo bado hazijafika. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kompyuta imetabiri bei itakavyokwenda.

Hakuna utabiri humo. Kila nukta ya wingu imetokana na bei zilizokwisha kupita, na lile wingu analosimama nalo mfanyabiashara leo, lililo juu au chini ya bei ya leo, limehesabiwa kwa bei ambazo iliyo mpya kuliko zote ina umri wa siku 26 za soko. Kwa hiyo mtu anaposema "bei imevuka wingu kwenda juu", anachosema hasa ni kwamba bei ya leo imepanda juu ya bei za katikati za majuma na miezi iliyopita. Ukilishika hilo, utajua programu ya kusoma wingu inapaswa kufanya nini, na utajua pia ni wapi programu nyingi huteleza.

Mwandishi wa habari na mistari yake

Kipimo hiki kilibuniwa Japani. Mbunifu wake, Goichi Hosoda, alikuwa mwandishi wa habari jijini Tokyo, na alitumia jina la kalamu Ichimoku Sanjin. Alianza kukishughulikia katika miaka ya 1930, hakuwa na kompyuta, na hesabu zote zilifanywa kwa mkono. Aliitoa kazi yake hadharani kwa vitabu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Namba tatu alizoziacha ni 9, 26 na 52. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba zilifuata kalenda ya biashara ya wakati ule, masoko ya Japani yalipokuwa yakifunguliwa hata Jumamosi. Wiki ilikuwa na siku sita za soko, hivyo 9 ni wiki moja na nusu, 26 ni kama mwezi mmoja, na 52 ni miezi miwili. Leo wiki ya soko ina siku tano, na wapo waliojaribu kuzibadilisha namba hizo, lakini programu nyingi za chati bado huanza na zilezile za Hosoda. Tutabaki nazo.

Katikati, si wastani

Hesabu yote inaanzia kwenye mshumaa wa siku. Kila siku ya soko huacha bei nne: ya kufungua, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufunga. Kwa kujenga wingu tunahitaji mbili tu kati ya hizo, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Bei ya kufunga itakuja kutumika baadaye, wakati wa kusoma.

Mstari wa kwanza, Tenkan, unatazama mishumaa tisa ya mwisho, ukiwemo wa leo. Unachukua bei ya juu kuliko zote katika siku hizo tisa na ya chini kuliko zote, unazijumlisha na kugawanya kwa mbili. Mstari wa pili, Kijun, unafanya vivyo hivyo kwa mishumaa 26. Huu si wastani wa bei za kila siku. Siku saba zilizo katikati ya kilele na bonde hazina sauti yoyote. Kinachohesabiwa ni mpaka wa juu na mpaka wa chini, basi. Ndiyo maana mistari ya Ichimoku mara nyingi hulala bapa kwa siku kadhaa, kisha ikaruka ghafla. Hailazimiki kusogea mpaka kitokee kilele kipya au bonde jipya, au cha zamani kitoke nje ya dirisha la siku zinazohesabiwa.

Kutokana na hiyo miwili ndipo zinapopatikana kingo za wingu. Ukingo wa kwanza, Senkou A, ni katikati ya Tenkan na Kijun. Ukingo wa pili, Senkou B, ni katikati ya kilele na bonde la mishumaa 52. Nafasi iliyo kati ya kingo hizo ndiyo inayopakwa rangi. A ikiwa juu ya B, programu nyingi hupaka kijani. B ikiwa juu, nyekundu.

Tuhesabu kwa mfano. Chukua hisa ya kubuni inayouzwa Tokyo kwa yeni, na tuseme tuko siku ya 100 ya kumbukumbu zetu. Katika siku tisa za mwisho bei ya juu kabisa ni 1,060 na ya chini kabisa ni 1,000, hivyo Tenkan ni 1,030. Katika siku 26 ya juu ni ileile 1,060, lakini ya chini ni 940, hivyo Kijun ni 1,000. Katikati ya 1,030 na 1,000 ni 1,015, na hiyo ndiyo A. Katika siku 52 ya juu ni 1,100 na ya chini ni 900, hivyo B ni 1,000. Wingu tulilopata lina ukingo wa chini 1,000 na ukingo wa juu 1,015.

Sasa inakuja hatua inayowachanganya wengi. Wingu hilo halichorwi siku ya 100. Linasukumwa mbele kwa mishumaa 26 na kuchorwa siku ya 126. Bei ya siku ya 100 inapimwa na wingu jingine, lililohesabiwa siku ya 74.

Kuna mstari wa tano, Chikou, ambao ni bei ya kufunga iliyochorwa mishumaa 26 nyuma. Haushiriki katika kujenga wingu, ila tutaugusa tena kwa sababu unaweza kuiharibu programu kimyakimya.

Kingo zinabeba habari za lini

Turudi kwenye ukingo B, maana ndio wenye kumbukumbu ndefu zaidi. Siku ya 130, B inayoonekana kwenye chati ilihesabiwa siku ya 104, kwa mishumaa ya kuanzia siku ya 53 hadi ya 104. Kwa maneno mengine, ukingo huo unasimulia yaliyotokea kati ya siku 77 na siku 26 zilizopita. Yaliyotokea jana, juzi au wiki iliyopita hayamo kabisa.

Katika mfano wetu, bonde lile la 900 lilitokea siku ya 52. Siku ya 103 bado lilikuwa ndani ya dirisha la siku 52, lakini siku ya 104 lilitoka. Bonde lililobaki la chini kuliko yote lilikuwa 904, basi B ikapanda kutoka 1,000 hadi 1,002. Badiliko hilo likaja kuonekana kwenye wingu la siku ya 130. Mtu anayetazama chati siku hiyo anaona ukingo wa chini umeinuka, na anaweza kudhani wanunuzi wameingia. Kumbe kilichotokea ni kwamba bei moja ya zamani, ya siku 78 nyuma, imeacha kuhesabiwa.

Hili lina matokeo mawili kwa msomaji wa wingu. Kwanza, bei inaweza kuvuka bila kwenda popote. Ikiwa bei imefungwa 1,005 siku mbili mfululizo, na katikati ya siku hizo ukingo wa juu ukashuka kutoka 1,008 hadi 1,003, programu itatangaza kwamba bei imetoka juu ya wingu. Ni kweli kihesabu, ila aliyesogea ni wingu. Pili, na hili ni la faida, kingo za leo na za siku 25 zijazo zinajulikana mapema. Mfanyabiashara anaweza kujua leo hii ni bei gani ya kufunga itakayohesabika kuwa kuvuka Alhamisi ijayo. Utepe ule unaoingia siku zijazo una kazi hiyo: unaonyesha vipimo vitakavyotumika, na kuhusu bei yenyewe hausemi neno.

Programu inavyojenga wingu

Mtu anayefuatilia chati moja anaweza kusoma kwa macho. Anayefuatilia hisa au jozi za fedha hamsini kila jioni ataiachia kazi hiyo programu ndogo. Katika lugha ya Python, kwa kutumia maktaba za pandas na numpy, ujenzi wote ni mistari michache. Hapa `d` ni jedwali la mishumaa ya siku, lililopangwa kutoka ya zamani hadi mpya:

```python
def kati(n):
    return (d["juu"].rolling(n).max() + d["chini"].rolling(n).min()) / 2

tenkan = kati(9)
kijun = kati(26)
A = ((tenkan + kijun) / 2).shift(26)
B = kati(52).shift(26)
ukingo_juu = np.maximum(A, B)
ukingo_chini = np.minimum(A, B)
```

Neno `shift(26)` ndilo linalosukuma thamani mbele, ili kila siku ikutane na wingu lililohesabiwa mishumaa 26 kabla yake. Mistari miwili ya mwisho inachukua ukingo ulio juu na ulio chini kwa siku husika bila kujali kama ni A au B, kwa sababu hizo mbili hupishana.

Angalia pia mwanzo wa kumbukumbu. B inahitaji mishumaa 52 ndipo ihesabike, kisha inasukumwa 26, kwa hiyo wingu kamili la kwanza linapatikana kwenye mshumaa wa 78, yaani zaidi ya miezi mitatu ya soko. A inapatikana mapema zaidi, kwenye mshumaa wa 52. `np.maximum` inakataa kutoa jibu mpaka zote mbili ziwepo, na ndivyo tunavyotaka. Lakini mtu akiandika `max(axis=1)` ya pandas juu ya safu hizo mbili, pandas huruka pengo na kurudisha ile iliyopo. Hapo kuanzia mshumaa wa 52 hadi wa 77 programu itakuwa na wingu lisilo na unene, A peke yake, na itatoa ishara ambazo hakuna chati itakayozionyesha.

Hali tatu na kumbukumbu moja

Kusoma kunaonekana rahisi zaidi kuliko kujenga: kama jana bei haikuwa juu ya wingu na leo iko juu, tangaza kuvuka. Wengi huandika hivyo, na ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu wingu si mstari mmoja. Bei ina hali tatu: iko juu ya wingu, iko chini yake, au iko ndani. Inaweza kuingia ndani kutoka chini, ikakaa wiki nzima, kisha ikatokea juu. Hiyo ni safari kamili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Inaweza pia kushuka ndani kidogo kutoka juu na kurudi juu ilikotoka. Hapo hakuna upande uliobadilika. Kanuni ya jana na leo haitofautishi safari hizo mbili.

Dawa yake ni programu ikumbuke upande wa mwisho ambao bei ilikuwa nje ya wingu, na isiuguse ukumbusho huo wakati bei iko ndani:

```python
upande = None
for siku in d.index:
    bei = d["kufunga"][siku]
    if bei > ukingo_juu[siku]:
        mpya = "JUU"
    elif bei < ukingo_chini[siku]:
        mpya = "CHINI"
    else:
        continue
    if upande is not None and mpya != upande:
        print(siku, mpya)
    upande = mpya
```

Ile `continue` ndiyo yenye kazi hiyo: bei ikiwa ndani ya wingu, au wingu lenyewe likiwa bado halijakamilika, programu inapita bila kubadilisha chochote. Na pale bei inaporuka wingu lote kwa usiku mmoja, labda baada ya taarifa ya faida ya kampuni, programu haihitaji kuiona ikiwa ndani. Inalinganisha upande wa zamani na mpya, basi.

Tuiendeshe juu ya hisa yetu ya mfano kwa siku nane:

| Siku | Ukingo wa chini | Ukingo wa juu | Bei ya kufunga | Hali |
|---|---|---|---|---|
| 124 | 1,000 | 1,010 | 992 | chini |
| 125 | 1,000 | 1,012 | 1,004 | ndani |
| 126 | 1,000 | 1,015 | 1,016 | juu |
| 127 | 1,000 | 1,016 | 1,011 | ndani |
| 128 | 1,000 | 1,016 | 1,021 | juu |
| 129 | 1,000 | 1,018 | 1,013 | ndani |
| 130 | 1,002 | 1,019 | 1,006 | ndani |
| 131 | 1,002 | 1,020 | 998 | chini |

Siku ya 124 programu inaandika upande wa chini. Siku ya 125 bei imeingia ndani, hakuna tangazo. Siku ya 126 imefungwa 1,016, yeni moja juu ya ukingo, na programu inatangaza JUU. Siku ya 127 bei inarudi ndani, ya 128 inatoka tena. Kanuni ya jana na leo ingetangaza ununuzi wa pili hapo. Programu yenye kumbukumbu inanyamaza, kwa sababu upande wa mwisho ulikuwa juu vilevile. Siku ya 130, tuseme bei ilishuka mchana hadi 994, chini ya wingu, kabla ya kufungwa 1,006. Programu inayosoma bei ya chini kabisa ya mshumaa ingetangaza CHINI; hii inasoma bei ya kufunga tu, na inaacha. Siku ya 131 bei imefungwa 998, na hapo tangazo la CHINI linatoka.

Mwenye kufuata ishara hizo angepata nini? Ishara ya siku ya 126 inajulikana baada ya soko kufungwa, kwa hiyo ununuzi wa mapema kabisa ni kwenye ufunguzi wa siku ya 127. Tuseme ulikuwa 1,020. Ishara ya kutoka ya siku ya 131 inatekelezwa kwenye ufunguzi wa siku ya 132, tuseme 996. Amepoteza yeni 24 kwa kila hisa, na kwa kuwa hisa za Tokyo huuzwa kwa mafungu ya 100, ni yeni 2,400 kabla ya ada ya dalali. Programu haikukosea popote. Ilisoma sawasawa soko lililokuwa likizunguka mahali pamoja.

Mshumaa mmoja unapoleta tofauti

Jedwali lile lina jambo jingine la kutazama. Hosoda aliuhesabu mshumaa wa leo kuwa wa kwanza. Ukihesabu hivyo, kusogea hadi nafasi ya 26 ni kupiga hatua 25. Baadhi ya programu za chati zinafuata hesabu hiyo, nyingine zinapiga hatua 26 kamili. TradingView, kwa mfano, katika Ichimoku yake ya kawaida hutumia `displacement - 1`, yaani hatua 25 pale mpangilio unapoonyesha 26.

Kwenye hisa yetu, ukitumia hatua 25, ukingo wa juu wa siku ya 126 unakuwa ule tulioupa siku ya 127, yaani 1,016. Bei ya kufunga ni 1,016. Haijazidi, hakuna ishara. Ishara inakuja siku ya 128. Watu wawili wenye hisa moja, namba zilezile za 9, 26 na 52, na bei zilezile, wanapata siku mbili tofauti za kununua, na hakuna aliyekosea hesabu. Anayeandika programu yake na kutaka ikubaliane na chati anayoitazama hana budi achague hatua moja na kuishikilia.

Kosa baya zaidi ni la kusahau kusukuma, au kusukuma upande usiofaa. Ukiacha `shift` kabisa, bei ya leo inapimwa na wingu la siku ya 26 kuanzia leo, ambalo lina bei ya leo ndani yake. Ukiandika `shift(-26)`, ni balaa: bei ya Januari inapimwa na wingu lililohesabiwa kwa bei za Februari. Ukijaribu programu hiyo juu ya kumbukumbu za zamani, inaweza kuonyesha faida za kushangaza, kwa sababu inajua kitakachotokea. Chikou inaleta hatari ileile kwa mlango wa nyuma. Ili uchorwe nyuma, mstari huo huhifadhiwa kwa `shift(-26)`, na safu yake kwa siku yoyote ile ina bei ya kufunga ya siku 26 mbele. Kwa kuchora haina madhara. Programu ikiisoma kama ishara, imechungulia kesho. Anayetaka kutumia Chikou kwa uaminifu alinganishe bei ya leo na bei ya mishumaa 26 iliyopita, basi.

Dalili ya kuchungulia ni rahisi kuigundua. Kata kumbukumbu zako ziishie siku fulani ya zamani, endesha programu, na uandike ishara zake. Kisha ongeza siku zilizobaki na uiendeshe tena. Ishara za zamani zikibadilika, kuna mahali programu inasoma yasiyofika bado.

Siku ni siku gani?

Tatizo la mwisho liko kwenye mishumaa yenyewe. Mshumaa wa leo ambao haujafungwa una bei ya kufunga ya muda tu, ile ya dakika hii. Programu inayoendeshwa mchana inaweza kutangaza JUU saa nane na kulifuta tangazo hilo jioni. Inatakiwa isome mshumaa wa mwisho uliokamilika, na ule unaoendelea iuache.

Katika fedha za kigeni kuna la ziada. Kwa desturi siku ya soko hilo hufungwa saa kumi na moja jioni ya New York, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa sita usiku, au saa saba usiku wakati wa baridi ya kule. Dalali anayekata siku zake hapo ana mishumaa mitano kwa wiki. Dalali anayekata siku kwa saa za Greenwich anapata mshumaa wa sita, wa Jumapili, wenye saa mbili au tatu tu za biashara. Kwake mishumaa 52 ni chini ya wiki tisa. Kwa yule wa kwanza ni zaidi ya wiki kumi. Mawingu yao hayatafanana, na mtu aliyepakua kumbukumbu kwa mmoja akafanya biashara kwa mwingine ataona ishara zinazopishana bila kujua sababu.

Kwa hisa, cha kuchunguza ni mgawanyo. Kampuni ikigawa kila hisa moja kuwa mbili, bei ya 1,000 huwa 500 asubuhi moja bila mwenye hisa kupoteza kitu. Kumbukumbu zisiporekebishwa, programu itatangaza CHINI siku hiyohiyo, na bei za zamani zitabaki zikilipotosha wingu kwa siku 77. Na kwa hisa ambazo siku nyingi hazinunuliwi wala kuuzwa, kama ilivyo kwa baadhi ya hisa katika masoko madogo, mshumaa hauna juu wala chini. Wingu linakuwa jembamba na bapa, na mauzo ya hisa chache tu yanatosha kuivusha bei kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kabla ya kuiamini programu yoyote ya wingu, yako au ya kununua, chagua siku moja ya zamani na uhakiki kwa mkono kama alivyolazimika kufanya Hosoda. Hesabu mishumaa 26 nyuma, na kutoka hapo chukua mishumaa 52, ukiuhesabu na huo uliofikia. Tafuta bei ya juu kabisa na ya chini kabisa, gawanya jumla yake kwa mbili. Jibu lisipolingana na ukingo B ambao programu imeandika kwa siku uliyochagua, jaribu tena kwa mishumaa 25. Likilingana hapo, umejua programu yako inapiga hatua ngapi. Lisipolingana popote, ishara zake zote ni za soko jingine.